Akiba ya tahadhari ikae wapi, ghala kuu au matawini?

Nimefanya kazi ya kupanga mzigo wa vipuri kwa muda mrefu, na swali lililonirudia kuliko yote ni hili: zile beringi za ziada tunazoweka kwa ajili ya siku mbaya zikae wapi? Mameneja wa matawi wanataka zikae kwenye rafu zao. Mhasibu anataka zikae ghala kuu, kwa sababu huko anaziona zote mahali pamoja. Mkuu wa ghala naye anataka ghala lake lisiishiwe kamwe, maana hivyo ndivyo kazi yake inavyopimwa. Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa kumridhisha kila mmoja, yaani akiba pande zote mbili. Mtaji mwingi ulilala kwenye rafu na bado wateja walikosa bidhaa.

Nitaeleza kwa kutumia bidhaa moja, beringi ya kawaida inayotoka kila wiki, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Namba nimezirahisisha kidogo ili hesabu ifuatike.

Tulikuwa na matawi 4. Kila tawi liliuza wastani wa beringi 20 kwa wiki, lakini wiki hazifanani: moja inauza 11, nyingine 31. Ukichukua mauzo ya wiki nyingi ukayapitisha kwenye `STDEV.S` ya Excel, unapata kipimo cha mtawanyiko, yaani mauzo yanacheza kiasi gani kuzunguka wastani wake. Kwa kila tawi kilikuwa 8. Oda kwa msambazaji ilipelekwa kila baada ya wiki 2, na mzigo ulichukua wiki 7 kufika. Kwa hiyo uamuzi wa leo ulipaswa kutuvusha wiki 9, kwa sababu hakuna oda nyingine itakayofika kabla ya hapo. Kutoka ghala kuu kwenda matawini lori lilikwenda mara moja kwa wiki, na oda ya tawi ilifungwa mapema, hivyo tawi lilijilinda kwa wiki 2.

Akiba ya tahadhari hutafutwa hivi: kizidishio cha ulinzi mara mtawanyiko wa wiki mara kipeuo cha pili cha idadi ya wiki unazojilinda. Kizidishio cha 2 maana yake ni kwamba katika mizunguko 100 ya oda, takriban 98 itapita bila kuishiwa. Wiki zinaingia kwa kipeuo cha pili kwa sababu wiki mbaya na wiki nzuri hufidiana. Wiki 9 hazina hatari mara 9 ya wiki 1, zina hatari mara 3.

Utaratibu wa zamani ulikuwa rahisi: kontena likifika, mzigo wote unagawiwa matawini na ghala kuu linabaki njia ya kupitia tu. Kila tawi lilijilinda peke yake kwa wiki 9. Hesabu yake ni 2 × 8 × 3, yaani 48 kwa tawi, 192 kwa matawi yote. Udhaifu wake ulionekana bila hata kalamu. Tawi moja lina rundo ambalo halitaisha kabla ya kontena lijalo, jingine limeishiwa tangu wiki ya 4, na hakuna kitu katikati cha kumpelekea aliyeishiwa. Mzigo ukishagawiwa mapema, umegawiwa kwa kubahatisha nani atauza nini.

Basi tukaamua kushikilia akiba ghala kuu. Hoja yake ni nzuri. Ghala kuu linaona jumla ya matawi, na tawi likipanda mara nyingi jingine linashuka. Mtawanyiko wa jumla ya matawi 4 yasiyofuatana hauwi 32, unakuwa 16, yaani 8 mara kipeuo cha pili cha 4. Kwa wiki 9 inakuwa 16 × 3 = 48, na kwa kizidishio cha 2 akiba ya ghala kuu ni 96. Nusu ya ile 192. Kila aliyehudhuria kikao alifurahi.

Lakini tawi haliwezi kukaa na sifuri. Mteja anasimama kaunta leo, lori linakuja wiki ijayo. Tawi bado linahitaji kujilinda kwa wiki zake 2: 2 × 8 × 1.41, yaani karibu 23. Mara matawi 4 ni 92. Jumlisha na 96 za ghala kuu unapata 188. Baada ya vikao vyote vile tulikuwa tumeokoa beringi 4.

Hapa ndipo kampuni nyingi huishia, na wengi hawajui kwamba wameishia hapo kwa sababu hawajumlishi pande mbili kwenye karatasi moja. Ghala kuu lina lengo lake la asilimia 98, tawi lina lengo lake la asilimia 98, kila upande unaonekana umepangwa vizuri. Shida ni kwamba hatari ileile inalipiwa mara mbili. Ghala kuu linajilinda ili tawi lisikose, na tawi linajilinda kana kwamba ghala kuu lina kazi nyingine.

Swali ambalo hatukuwa tumeliuliza ni hili: ghala kuu likiishiwa, nani anaumia, na baada ya muda gani? Mteja hanunui kutoka ghala kuu. Anayechukua kutoka ghala kuu ni tawi, na tawi lina akiba yake. Kwa hiyo ghala kuu kuishiwa si sawa na mteja kukosa. Maana yake ni tawi kuchelewa kupata sehemu ya oda yake.

Tukajaribu hesabu kwa kizidishio cha 0.5 ghala kuu badala ya 2. Akiba inashuka kutoka 96 hadi 24. Kwa kiwango hicho ghala kuu litapungukiwa mwishoni mwa mizunguko 31 hivi kati ya 100, namba ambayo mkuu wa ghala aliposikia mara ya kwanza alidhani nimekosea kuandika. Lakini litapungukiwa kwa kiasi gani? Likipungukiwa, wastani wa pengo ni beringi 31. Gawanya kwa matawi 4, ni karibu 8 kwa kila tawi. Tawi lenye akiba ya 23 linameza upungufu wa 8 hadi lori lijalo, na mara nyingi mteja hatajua chochote. Tukaongeza akiba ya tawi kidogo, kutoka 23 hadi 25, kufidia ucheleweshaji huo. Jumla mpya ni 24 ghala kuu na 100 matawini, yaani 124. Kutoka 188. Theluthi moja ya akiba imeondoka na kaunta ya tawi imelindwa karibu vilevile.

Wazo hili si langu. Mwaka 1968 Craig Sherbrooke alichapisha mfumo wa METRIC uliotengenezwa kwa ajili ya vipuri vya jeshi la anga la Marekani, wenye bohari kuu na vituo vingi chini yake. Jambo ninalolithamini zaidi katika mfumo ule ni kipimo alichochagua: kilichohesabiwa ni upungufu kwenye vituo, ndege inaposubiri kipuri. Bohari kuu kuishiwa kuliingia kwenye hesabu kwa njia moja tu, kwamba kunarefusha muda wa kituo kusubiri. Ukipima hivyo, hesabu yenyewe mara nyingi inakusukuma kuweka akiba nyingi karibu na mtumiaji na kuliacha ghala la juu lipungukiwe kuliko mtu angethubutu kwa hisia tu.

Ila hesabu ile ina sharti moja ambalo karatasi hailioni, na kwetu nusura livunje kila kitu. Nilisema pengo la 31 linagawanyika 8 kwa kila tawi. Hiyo ni kweli ikiwa tu mtu analigawanya. Ghala letu lilihudumia oda kwa zamu: aliyetuma kwanza anajaziwa kwanza. Ghala likipungukiwa, matawi matatu yanapata oda kamili na la nne linabeba pengo lote la 31, huku akiba yake ni 25. Na la nne lilikuwa lilelile kila mara, tawi la mbali ambalo oda yake ilifika mwisho.

Meneja wa tawi lile, mtu mzima tuliyemwita Mzee, hakulalamika sana. Alifanya kilicho na akili kwa upande wake: alianza kuagiza mara mbili ya anachohitaji. Nilipompigia simu aliniambia, "Kijana wangu, beringi iliyoko ghala kuu mteja wangu haioni. Ghala likikauka napata makombo tu. Nikiomba 40 likiwa na mzigo, najiwekea ya siku hiyo. Ungekuwa wewe ungeomba ngapi?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu chini ya utaratibu ule alikuwa sahihi. Haikuchukua muda matawi mengine nayo yakaanza, na ghala kuu likawa linaona mahitaji ya 130 kwa wiki wakati kaunta zote pamoja zinauza 80. Anayesoma oda hizo bila kuangalia mauzo ya kaunta atamwagizia msambazaji mzigo wa soko ambalo halipo.

Dawa ilikuwa mambo mawili. Kwanza, ghala likipungukiwa, mgawo haufuati ukubwa wa oda wala zamu ya kufika. Unafuata siku ngapi kila tawi linaweza kuishi kwa kilichopo rafuni na kilichoko njiani. Ukiwa na beringi 50 za kugawa, unampa kwanza mwenye siku chache zaidi hadi alingane na anayemfuata, kisha hao wawili pamoja hadi walingane na wa tatu, na kuendelea. Chini ya utaratibu huo, kuagiza mara mbili hakukuongezei hata moja. Pili, ghala kuu likaacha kupanga kwa kutazama oda za matawi, likaanza kupanga kwa kutazama mauzo ya kaunta na jumla ya mzigo wote kwenye mfumo: ulioko ghala kuu, ulioko kwenye lori, na ulioko matawini. Matawi yanaagiza kwa katoni, yanaagiza kwa hofu, yanaagiza kabla ya likizo ya mtunza stoo. Ukifuata oda zao unaona wiki mbili za sifuri halafu 96 kwa mpigo. Mauzo ya kaunta hayana kelele hiyo. Mzee aliamini utaratibu mpya alipoona ghala limepungukiwa na bado lori limemletea zaidi ya jirani yake, kwa sababu yeye ndiye aliyebakiwa na siku chache. Oda zake zilirudi kwenye 20 bila mtu kumwamuru.

Sasa kuna jambo nililoliacha nje ya hesabu makusudi ili kulieleza peke yake, nalo ni uaminifu wa msambazaji. Ile 124 inadhani wiki 7 ni wiki 7. Tulipopekua tarehe za kupokea mzigo, muda ulicheza kwa mtawanyiko wa karibu wiki 1. Wiki moja inaonekana kitu kidogo, lakini kila wiki ya kuchelewa matawi yote 4 yanakula beringi 80. Hesabu inaunganishwa hivi, kwa vipeo vya pili: wiki 9 mara 16 kwa 16 ni 2,304, ongeza 80 kwa 80 mara 1, yaani 6,400. Jumla ni 8,704 na kipeuo chake cha pili ni karibu 93. Mtawanyiko wa ghala kuu si 48 tena, ni 93, na sehemu kubwa yake haitoki kwa wateja kabisa. Inatoka kwa meli na bandari na kiwanda.

Hatari hiyo mahali pake ni ghala kuu, na hapa sina shaka. Kuchelewa kwa msambazaji kunayapiga matawi yote kwa pamoja, na huwezi kujua mapema ni tawi gani litakuwa limeuza zaidi wakati huo. Kwa beringi hii tulipandisha kizidishio cha ghala kuu hadi 1, yaani akiba ya 93, tukaacha matawi kwenye 25. Jumla 193. Kama tungeng'ang'ania ulinzi wa 2 pande zote, ghala kuu lingehitaji 186 na matawi 92, jumla 278. Tulijaribu 193 hiyo kwa tukio baya: msambazaji anachelewa wiki 2 kamili juu ya ahadi. Pengo ni beringi 160, ghala kuu linafunika 93, zinabaki 67, karibu 17 kwa kila tawi. Tawi lenye 25 linavuka, likiwa limebanwa lakini linavuka. Ila ukifunga mkataba na msambazaji anayefika kwa tarehe, unaweza kurudi karibu na ile 124. Ndiyo maana siku hizi bei ya msambazaji siisomi bila tarehe zake za kupokelewa kando yake.

Jambo jingine linaloharibu hesabu ni matawi kupanda na kushuka pamoja. Ile 16 ilitokana na dhana kwamba tawi moja likipanda jingine halina habari. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fomula mpya. Jumlisha mauzo ya matawi yote wiki kwa wiki, kisha chukua mtawanyiko wa ile safu ya jumla. Ukipata karibu na 16, kuunganisha akiba kunakulipa. Ukipata 26 au 30, matawi yako yanakwenda pamoja, kwa sababu ya msimu au ofa inayotolewa kote siku moja, na ghala kuu halikupunguzii hatari kama ulivyodhani. Kabla ya kupima, toa wiki ambazo tawi lilikuwa limeishiwa. Mauzo ya sifuri kwa sababu rafu ni tupu si mahitaji ya sifuri, na wiki kama hizo huwa nyingi kwenye tawi lile hasa unalotaka kulisaidia.

Bidhaa zinazotoka kwa nadra zina mantiki yake. Chukua pampu nzima, kila tawi linauza 3 kwa mwaka. Uwezekano wa tawi kuuza hata moja katika wiki 2 ni takriban asilimia 11, hivyo pampu moja rafuni itakaa miezi ikisubiri. Ukiweka moja kila tawi umefunga pampu 4 ili kumhudumia mteja papo hapo. Ukiziweka zote ghala kuu, kila mteja atasubiri lori. Hapa mtawanyiko hausaidii sana, kinachoamua ni subira ya mteja. Anayepanga ukarabati wa mwezi ujao atasubiri wiki bila neno, na pampu zake zinakaa ghala kuu. Anayesimamisha kiwanda kwa kukosa sili ya pampu hatasubiri, na sili hiyo lazima iwe tawini hata kama inatoka mara 3 kwa mwaka. Tuligawa bidhaa zetu kwa kuwauliza wauzaji wa kaunta, si kwa ripoti, kwa sababu wao ndio wanaomsikia mteja akisema "nitarudi" na wanajua yupi hurudi.

Kilichobaki kigumu ni kipimo cha mkuu wa ghala. Alikuwa anahesabiwa siku ambazo ghala kuu limeishiwa, na mpango mpya unamtaka aishiwe mara nyingi zaidi kwa beringi hii. Hakuna mtu atakayekubali mpango unaomharibia tathmini yake. Tulibadilisha: ghala kuu sasa linahesabiwa siku ambazo tawi lolote limekaa na sifuri rafuni kwa sababu oda yake haikujazwa, na meneja wa tawi anahesabiwa siku za sifuri ambazo hakuwa ameagiza kwa wakati. Ripoti ya kila wiki ina safu mbili hizo kwa kila bidhaa. Safu ya kwanza ikipanda kwenye bidhaa ileile wiki kadhaa mfululizo, kwanza tunafungua tarehe za msambazaji, kisha tunaangalia kama mgawo ulifuata siku za rafuni, na baada ya hapo ndipo tunagusa namba ya akiba.